Rangi Moja Katika Picha Nyingi: Kugredi Picha za Kuunganishwa kwa Ajili ya Brosha na Tovuti

Picha ya kuunganishwa ni picha moja iliyojengwa kwa vipande vya picha mbili au zaidi. Mtu hupigwa picha ndani ya chumba chenye taa, akakatwa na kuwekwa mbele ya jengo lililopigwa siku nyingine, na pengine juu ya jengo hilo likawekwa anga lililotoka mahali pengine kabisa. Picha moja ya namna hii ikitazamwa peke yake inaweza kuridhisha. Kasoro hujitokeza picha sita zinapopangwa katika brosha moja au ukurasa mmoja wa tovuti: moja ina ubluu, nyingine imekolea manjano, ya tatu weusi wake ni mzito kama lami, ya nne imepauka. Msomaji hataweza kutaja kilichoharibika, lakini ataona kwamba picha hizo hazikutoka nyumba moja.

Kazi ya rangi katika seti kama hiyo ina sehemu mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni kusawazisha: kuondoa tofauti zilizoletwa na taa, kamera na saa ya siku, ili vipande vyote vianzie mahali pamoja. Ya pili ni kugredi: kuipa seti nzima hali moja ya rangi iliyochaguliwa kwa makusudi, kwa mfano joto kidogo kwenye sehemu zenye nuru na ubaridi kidogo kwenye vivuli. Makosa mengi hutokana na kuruka sehemu ya kwanza. Mhariri huchukua kichujio kimoja cha rangi na kukiweka juu ya picha zote, akitumaini kwamba kitazifanya zifanane. Hilo ni sawa na kutia kijiko kile kile cha chumvi katika sufuria sita ambazo baadhi zilikwisha kutiwa chumvi. Kichujio hubadilisha rangi fulani kuwa rangi nyingine fulani, wala hakijui picha ilitoka wapi. Picha zikiingia tofauti, zitatoka tofauti.

Njia nzima inaonekana vizuri katika mfano mmoja. Shule ya bweni inataka brosha ya kurasa nane, na picha zile zile zitumike kwenye tovuti yake. Wanafunzi wamepigwa picha siku moja ndani ya ukumbi, mbele ya pazia la kijivu, kwa taa za studio. Mandhari sita zimepigwa kwa nyakati tofauti: maktaba chini ya taa za tyubu, maabara yenye madirisha makubwa, uwanja wa paredi saa sita mchana, bwalo la chakula, bweni, na shamba la shule jioni. Sare ni shati jeupe na sweta la rangi ya damu ya mzee. Sweta hilo litaonekana katika kila ukurasa, na mzazi anayeijua shule atalitambua likibadilika.

Jicho halitoshi

Kabla ya kugusa picha, lazima ifahamike kwa nini macho peke yake hayaaminiki katika kazi hii. Ubongo huzoea mwanga uliopo. Mtu akitazama picha yenye manjano kwa dakika chache, manjano hayo huanza kuonekana kama hali ya kawaida, na picha iliyo sawa ikifunguliwa baada yake huonekana ya bluu. Tena rangi huathiriwa na jirani yake: sweta jekundu mbele ya majani mabichi huonekana jekundu zaidi kuliko likiwa mbele ya rafu za mbao, hata kama rangi yake haikubadilika hata chembe. Kwa hiyo mhariri anayehama kutoka picha moja hadi nyingine akirekebisha kwa kukisia huteleza pole pole, na picha ya sita haifanani tena na ya kwanza.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, skrini ipimwe kwa kifaa maalumu kinachowekwa juu ya kioo chake, na kurekebishwa ili nyeupe yake iwe karibu na kelvini 6500. Mwangaza wake usiwe mkali kupita kiasi; kwa picha zitakazochapishwa, kiasi cha kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba hutumika sana. Skrini ya kompyuta mpya mara nyingi huja ikiwa na mwangaza mkubwa kuliko huo, na ndiyo maana picha iliyopendeza kwenye kioo hutoka ya giza kwenye karatasi. Pili, rangi isomwe kwa tarakimu. Programu kama Photoshop ina kidirisha cha Info kinachoonyesha kiasi cha nyekundu, kijani na bluu mahali popote mshale unapopita, kuanzia 0 hadi 255. Kitu cha kijivu au cheupe kisichoegemea rangi yoyote husomeka kwa tarakimu tatu zinazolingana. Zikiachana, mwegemeo wa rangi umejulikana, na kiasi chake pia.

Jambo jingine la mwanzo ni kwamba faili zote ziwe katika nafasi moja ya rangi. Tarakimu 180, 60, 70 katika nafasi ya sRGB si rangi ile ile ya 180, 60, 70 katika Adobe RGB. Kwa seti itakayoishia kwenye tovuti na kwenye karatasi, sRGB ni chaguo rahisi lisilo na mitego mingi. Anayetaka kubakiza rangi pana zaidi kwa ajili ya chapa anaweza kufanya kazi katika Adobe RGB, ilimradi faili zote sita ziwe hivyo. Ni vizuri pia kufanya kazi kwa biti 16 kwa kila chaneli badala ya 8. Faili ya biti 8 ina ngazi 256 tu, na anga likivutwa huku na huku kwa marekebisho mengi huanza kuonyesha mistari mahali ambapo rangi ilipaswa kupungua taratibu.

Kusawazisha mandhari

Kazi huanza na mandhari, kwa sababu ndizo zitakazoamua mwanafunzi arekebishwe vipi. Kama mpiga picha aliweka kadi ya kijivu katika picha moja ya kila mahali, kazi ni nyepesi: kidoto cha kijivu cha zana ya Curves hubonyezwa juu ya kadi hiyo, na marekebisho yale yale huhamishiwa kwenye picha nyingine zote za mahali pale. Kama kadi haikuwekwa, hutafutwa kitu kinachojulikana kuwa cheupe au kijivu: karatasi, ukuta uliopakwa chokaa, mguu wa meza wa chuma.

Katika maktaba ya mfano huu, karatasi nyeupe iliyo mezani inasomeka 214, 226, 209. Kijani kimezidi, kama ilivyo kawaida ya taa nyingi za tyubu. Baada ya kusawazisha, karatasi inasomeka 216 katika chaneli zote tatu, na sehemu yenye giza kuu chini ya rafu inasomeka 22. Tarakimu hizi mbili huandikwa kando, kwa kuwa zitahitajika tena.

Mandhari ya jioni ni tofauti. Shamba lililopigwa jua likielekea kutua lina nuru ya dhahabu, na kuiondoa yote kungeua picha. Hata hivyo, likiachwa kama lilivyo, litaruka nje ya seti. Hapa mhariri hufanya uamuzi unaohusu seti nzima: joto la jioni lipunguzwe karibu nusu. Dumu jeupe la maji lililoko shambani lilisomeka 241, 208, 158. Baada ya kupunguza, linasomeka 236, 219, 192. Jioni bado inaonekana, ila haipigi kelele karibu na picha ya maktaba.

Kuna mahali ambapo hatua hii hugonga mwamba. Chumba chenye dirisha upande mmoja na balbu za manjano upande wa pili kina mianga miwili ya rangi tofauti, na hakuna rekebisho moja litakalosawazisha vyote. Ukiondoa manjano, upande wa dirisha unakuwa wa bluu. Katika bwalo la chakula hali ni hiyo, na dawa ni tabaka mbili za marekebisho, kila moja ikiwa na maski yenye kingo laini inayofunika upande wake tu.

Kumlinganisha mwanafunzi na mahali alipowekwa

Mwanafunzi aliyekatwa kutoka picha ya studio huwekwa sasa katika maktaba, na papo hapo huonekana amebandikwa. Sababu kubwa mara nyingi si rangi bali giza na nuru. Katika studio, nywele na viatu vyake vinasomeka 5, na shati lake 246. Katika maktaba hakuna kitu chenye giza la 5 wala nuru ya 246. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: kwanza giza na nuru, kisha mwelekeo wa rangi, mwisho ukolevu wake. Anayeanza na rangi hulazimika kuirudia, kwa kuwa kubadilisha giza na nuru hubadilisha pia jinsi rangi inavyoonekana kukolea.

Tabaka la Levels huwekwa juu ya mwanafunzi na kufungwa kwake peke yake, lisiguse mandhari. Kiwango cha chini cha kutoka huwekwa 18 na cha juu 225. Giza la 5 sasa linasomeka 22, sawa na chini ya rafu, na shati linasomeka 218, karibu sawa na karatasi iliyo mezani. Uso unaweza kuonekana umekuwa bapa kidogo, na hapo kitelezi cha katikati husogezwa mpaka mwangaza wa ngozi ukubaliane na wa vitu vilivyo karibu naye.

Neno la muhimu ni karibu. Vivuli vya vitu vya mbali hupauka kwa sababu ya vumbi na unyevu ulioko hewani. Katika picha ya shamba, miti iliyo kilimani upande wa nyuma haina weusi wowote. Kivuli chake kinasomeka zaidi ya 60. Mwanafunzi aliyesimama kati ya mimea ya mbele akilinganishwa na kilima kile atapauka kama ukungu. Hulinganishwa na kivuli kilicho chini ya mimea iliyo umbali sawa naye.

Kwa picha ya shamba Levels ya jumla haitoshi, maana nuru ina rangi moja na kivuli kina nyingine. Nuru inatoka kwenye jua na ni ya manjano. Kivuli kinaangazwa na anga na kina ubluu. Chini ya mimea panasomeka 24, 27, 34. Hapo kazi hufanywa chaneli kwa chaneli. Katika tabaka la Curves, ncha mbili za mstari wa kila chaneli husogezwa: ya chini hupandishwa na ya juu hushushwa. Nyekundu hupewa 20 na 245, kijani 23 na 227, bluu 31 na 199. Matokeo yake weusi wa 5 unasomeka takriban 24, 27, 34 kama kivuli cha shambani, na shati la 246 linasomeka takriban 237, 220, 193, karibu sawa kabisa na dumu la maji. Hakuna kilichokisiwa. Mwanafunzi amepewa giza la pale na nuru ya pale.

Njia nyingine ya kuhakikisha ni kutazama chaneli moja moja. Katika Photoshop, Ctrl+3, Ctrl+4 na Ctrl+5 huonyesha nyekundu, kijani na bluu kila moja kama picha ya kijivu, na Ctrl+2 hurudisha picha kamili. Macho hukosea kuhusu rangi, lakini ni hodari wa kuona tofauti ya kijivu. Kama katika chaneli ya bluu mwanafunzi anang'aa kuliko kila kitu kilicho karibu naye, kasoro imepatikana, na ni ya chaneli hiyo.

Mwisho wa hatua hii huangaliwa chenga. Picha ya maktaba iliyopigwa kwenye mwanga hafifu ina chenga nyingi, na mwanafunzi wa studio hana. Chenga chache zikiongezwa juu yake, kipande hukaa. Chenga si rangi, lakini sehemu laini katikati ya picha yenye chenga huonekana kama ina ukolevu tofauti.

Gredi moja, chanzo kimoja

Picha sita zikishasawazishwa, ndipo gredi inapoingia. Kanuni yake ni kwamba itoke mahali pamoja na ikae juu ya kila kitu. Mhariri huchagua picha moja kuwa ya mfano, kwa kawaida ile yenye ngozi, cheupe, kijivu na rangi ya sare kwa pamoja. Katika seti hii ni maktaba. Juu ya tabaka zake zote huweka kundi la marekebisho na kulipa jina, mathalani GREDI. Ndani yake mna tabaka tatu tu. Curves inayopandisha weusi kutoka 0 hadi 8, ili vivuli visizame. Color Balance inayoongeza manjano kidogo kwenye nuru na bluu kidogo kwenye vivuli, kwa vipimo vya 3 au 4 tu. Hue/Saturation inayopunguza ukolevu kwa 8. Gredi ya brosha haihitaji nguvu ya gredi ya filamu. Kila inapozidi, hufichua tofauti ndogo ndogo zilizobaki kati ya vipande.

Kundi hilo huburutwa kwenda kwenye faili nyingine tano bila kuguswa. Njia iliyo bora zaidi kwa seti kubwa ni kuligeuza kuwa jedwali la rangi kwa kupitia File, Export, kisha Color Lookup Tables, na kupata faili lenye mwisho wa `.cube`. Faili hilo huwekwa katika kila picha kwa tabaka la Color Lookup. Faida yake huonekana picha zinapoongezeka: picha ya saba ikija mwaka unaofuata, hupewa jedwali lile lile badala ya mtu kukumbuka vipimo. Lakini jedwali lina mipaka miwili. Halibebi maski, kwa hiyo rekebisho lolote la sehemu ya picha halimo. Na limetengenezwa kwa nafasi fulani ya rangi: lililozaliwa katika sRGB likitumiwa kwenye faili la Adobe RGB litatoa rangi nyingine.

Picha moja inaweza kuonekana imepata gredi kupita kiasi. Uwanja wa paredi saa sita mchana, kwa mfano, una cheupe kingi, na manjano ya gredi yanaonekana sana juu yake. Kinachoruhusiwa ni kupunguza uwazi wa tabaka la gredi kutoka asilimia 100 hadi 80 hivi. Kisichoruhusiwa ni kuingia ndani na kubadilisha vipimo kwa ajili ya picha hiyo pekee, kwa maana tangu hapo kuna gredi mbili. Kama kupunguza uwazi hakutoshi, ni dalili kwamba picha yenyewe haikusawazishwa vizuri, na kazi hurudi kwenye hatua ya chini.

Sweta na ngozi

Rangi mbili katika seti hii hazina uhuru wa kuzurura: ya sare na ya ngozi. Kwa kuzipima, mfumo wa Lab uliowekwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1976 hufaa kuliko tarakimu za nyekundu, kijani na bluu, kwa sababu hutenga mwangaza na rangi. L ni mwangaza, a ni mwendo kati ya kijani na nyekundu, b ni mwendo kati ya bluu na manjano. Umbali kati ya rangi mbili hupatikana kwa hesabu rahisi:

```
ΔE = √(tofauti ya L² + tofauti ya a² + tofauti ya b²)
```

Umbali wa 2 hivi ndipo jicho la kawaida linapoanza kuona tofauti vitu viwili vikigusana. Vikiwa kwenye kurasa mbili, umbali wa 4 au 5 bado huvumilika.

Sweta katika picha ya maktaba linasomeka L 25, a 34, b 12. Katika picha ya shamba linasomeka L 28, a 36, b 20. Tofauti ni 3, 2 na 8, na umbali unatoka 8.8. Damu ya mzee imeanza kuwa rangi ya tofali. Haifai kulirudisha sweta mpaka lifanane kabisa na la maktaba, kwa sababu mwanga wa jioni lazima ulifikie. Sweta lisiloguswa na jua litaonekana limebandikwa. Kwa hiyo tabaka dogo lenye maski ya sweta hupunguza manjano mpaka b isomeke 15. Umbali unashuka hadi 4.7, sweta limebaki la jioni, na bado ni sweta la shule ile ile.

Ngozi huhitaji uangalifu wa namna nyingine. Wanafunzi wana rangi tofauti, wengine weusi sana na wengine maji ya kunde, na kusawazisha hakuna maana ya kuwaleta wote kwenye mwangaza mmoja. Kinachotazamwa ni uwiano wa a na b. Katika ngozi iliyo kwenye mwanga usioegemea rangi, zote mbili huwa juu ya sifuri, na b kwa kawaida hulingana na a au huipita kidogo. Ikiwa b imeanguka chini kabisa ya a, ngozi imekuwa ya waridi au zambarau. Ikiwa a imekaribia sifuri, imekuwa ya kijani. Ngozi nyeusi ndiyo ya kwanza kuumia gredi inapokosewa, kwa kuwa sehemu yake kubwa iko katika ngazi za vivuli. Weusi ukipandishwa mno na bluu kuongezwa humo, hupauka na kuwa ya kijivu kama iliyokosa mafuta. Hii ndiyo sababu ya kuweka weusi kwenye 8 na si 25, na bluu kwenye 3 na si 15.

Ukaguzi wa seti

Picha zikikamilika moja moja, hukaguliwa kwa pamoja. Zote sita hupunguzwa na kupangwa kwenye ukurasa mmoja wenye kijivu cha kati, 128. Zikiwa ndogo, habari za picha hupungua na rangi hubaki. Iliyoachana na wenzake hujitokeza yenyewe. Ukaguzi huu hufanywa vizuri zaidi asubuhi, kabla macho hayajazoea chochote.

Vipo vipimo vitatu vya haraka vinavyowekwa juu ya ukurasa huo na kuondolewa baadaye. Cha kwanza ni tabaka la kijivu lenye hali ya Color, ambalo huondoa rangi na kuacha mwangaza; hapo huonekana kama picha moja ina giza kuliko nyingine. Cha pili ni Hue/Saturation iliyopandishwa hadi +70: mwegemeo uliokuwa umejificha hulipuka, ukuta uliodhaniwa mweupe ukawa wa waridi. Cha tatu ni kutengeneza nakala ya kila picha na kuipitisha kwenye Filter, Blur, Average, ambayo huigeuza kuwa rangi moja ya wastani. Picha ya shamba itatoka na kijani, na hilo ni haki yake kwa sababu ya mimea. Lakini maktaba na bwalo, zenye mbao na kuta za aina moja, zikitoka moja ya bluu na nyingine ya machungwa, kazi haijaisha.

Kutoka skrini hadi tovuti na karatasi

Seti iliyotunzwa vizuri inaweza kuharibika mwishoni kabisa. Kwa tovuti, kila picha hubadilishwa kuwa sRGB na kuhifadhiwa pamoja na profaili yake. Faili la Adobe RGB likipandishwa bila profaili, kivinjari hulisoma kama sRGB na rangi zake hupauka. Picha moja ikisahaulika hivyo kati ya sita, sweta litakuwa la rangi nyingine mbele ya kila mgeni wa tovuti.

Kwa karatasi, picha hugeuzwa kutoka nyekundu, kijani na bluu za skrini kuwa wino nne za mashine: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Profaili ya kugeuzia huulizwa kwenye kiwanda cha chapa. Kwa karatasi ya kung'aa, ISO Coated v2 na PSO Coated v3 hutumika sana. Karatasi isiyong'aa ina zake, na hunywa wino zaidi. Lililo muhimu kwa seti ni kwamba picha zote zipitie profaili moja na kanuni moja ya kugeuza. Kanuni ya Perceptual hubana rangi zote ili zilizo kali zipate nafasi, na Relative Colorimetric huacha zilizo ndani ya uwezo wa wino kama zilivyo na kukata zilizozidi. Picha tatu zikigeuzwa kwa moja na tatu kwa nyingine, tofauti itaonekana kwenye majani ya shamba na kwenye anga, ambako rangi za skrini hupita uwezo wa wino.

Kabla ya kugeuza, Ctrl+Y katika Photoshop huonyesha makisio ya jinsi picha itakavyokuwa kwenye karatasi, na Shift+Ctrl+Y hutia alama mahali palipozidi. Sampuli iliyochapwa hutazamwa chini ya taa ya kelvini 5000, ambayo ndiyo kipimo cha kazi za chapa, si chini ya balbu ya manjano. Na kurasa zenye sweta moja zikiwezekana zipangwe karatasi moja ya mashine, kwa sababu kiasi cha wino huweza kubadilika kati ya karatasi na karatasi.

Kuna yasiyoweza kutibiwa na rangi. Mwanafunzi aliyeangazwa kutoka kushoto katika mandhari yenye jua la kulia ataonekana amebandikwa hata tarakimu zote zikilingana, na gredi haitamwokoa. Apigwe picha upya. Kwa kila kilichobaki, mpangilio ni ule ule: mandhari zisawazishwe, vipande vilinganishwe na mandhari, gredi moja iwekwe juu ya vyote, kisha vipimwe pamoja. Picha inayokataa kukaa ndani ya seti baada ya gredi irudishwe kwenye kusawazishwa, wala isitengenezewe gredi ya peke yake.